Nyusi za Shangazi

Asubuhi ya siku ya arobaini Tima alimpaka mwanawe wanja mara tatu, na mara tatu akaufuta.

Mtoto, Hadia, alizaliwa na nyusi nyembamba kama uzi, lakini zilikaribiana juu ya pua, zikataka kugusana. Hakuna aliyesema neno. Kwa siku thelathini na tisa Tima alikaa ndani akisubiri nani atakuwa wa kwanza kulisema. Kila mgeni aliyeingia, yeye alimtazama mdomo. Mgeni angesema "Mashaallah", angeinama, kisha angenyamaza kidogo, kimya kile cha mtu anayepekua ukoo mzima kichwani.

"Pua ya babake Khatib hiyo."

Tima akapumua.

"Masikio ya babuye, haki ya Mungu!"

Akapumua tena, akavuta kitambaa kikashuka juu ya kipaji cha uso cha mtoto.

Bi Barka, mkunga, alikuwa amemfundisha kuikanda pua ya mtoto kwa mafuta ya uvuguvugu, polepole, inyooke. Tima aliikanda pua, kisha kidole gumba kikapanda juu, pale kati ya nyusi, kikasugua na kusugua mpaka mtoto akalia. Hapo akamkumbatia akaomba radhi, na baada ya saa moja kidole kikarudi palepale.

Alijua neno lile hufanya nini. Yeye mwenyewe alilelewa nalo.

Mwanamkisi alikuwa dada wa babake, ameolewa mji wa Faza, ng'ambo ya maji. Mama yao alipokuwa katika sakarati pale kwao Langoni, mashua ilipelekwa kumchukua. Ilirudi bila yeye, na nahodha akaleta jibu kama alivyopewa: "Amesema hataki kuya." Basi. Mji mzima ulilisikia. Tangu siku hiyo babake Tima hakulitamka jina la dadake mpaka alipokufa. Aliyelitamka ni mkewe, Bi Esha, mamake Tima, na alimtamkia Tima.

Tima akinuna: "Mtazameni! Mwanamkisi mtupu." Akicheka kwa sauti: "Kicheko cha Faza hicho." Akinyamaza: "Hivyo ndivyo anyamazavyo yule, akipanga." Hapakuwa na picha ya Mwanamkisi nyumbani, wala kwa jirani, wala mtu aliyemwona tangu Tima azaliwe. Hivyo hapakuwa na mtu wa kusema, la, hafanani naye. Watu walimtazama Tima ili wamkumbuke Mwanamkisi, kisha wakamkumbuka Mwanamkisi kwa kumtazama Tima.

Jina hilo lilikuwa na utamu wake pia, na hilo Tima hakumwambia mtu. Katika chuo cha Kurani, binti mmoja alipomnyang'anya juzuu yake, Tima alikunja uso tu na kumkazia macho. Binti akairudisha mbio. "Nyusi za Mwanamkisi hizo," akasema. Mchana kutwa Tima alitembea kama mwenye upanga nguoni. Jioni yake akalia, maana aliona upanga si wake.

Basi akajifunza kuwa mtu mwingine. Alicheka akiziba mdomo. Aliinua nyusi zisikutane, hata akawa na sura ya mtu anayeshangaa daima. Hakuweka mkono kiunoni. Hakusema "sitaki". Khatib, mumewe, fundi wa kushona kanzu, alimletea leso mbili achague, Tima akasema, "Yoyote." Akamuuliza wale wali au mkate, Tima akasema, "Upendavyo." Siku moja Khatib aliweka sindano chini. "Tima, hakuna kitu usichokipenda wewe?" Tima akatabasamu, nyusi juu, akaenda jikoni akakwangua sufuria iliyokwisha kukwanguliwa.

Sasa, asubuhi ya arobaini, akaupaka wanja mara ya nne. Wanja wa mtoto ni kinga ya jicho, hakuna atakayeuliza. Alikusudia kuchora nyusi mbili mbali mbali, nene, zizifunike zile za kuzaliwa. Lakini Hadia alipiga chafya, mkono ukateleza, na wageni walikuwa wamekwisha piga hodi.

Wanawake walijaa, udi ukafukizwa. Siku hiyo mtoto hubebwa akazungushwa nyumba, akaonyeshwa kila mahali na kuambiwa pa nini. Bi Esha alikuwa amekwisha nyosha mikono ampokee mjukuu, pakasikika hodi nyingine mlangoni. Sauti ya kikongwe, kavu.

"Hodi wenyewe! Nimekuya kumwona mwana wa nduu yangu."

Aliingia mwanamke mfupi, mwembamba, buibui lina chumvi ya safari. Akafunua uso. Tima alimtazama kwa pupa, kama mtu anayesoma barua aliyochelewa kuipata. Nyusi zilikuwepo, zimeungana kweli, zimeota mvi. Lakini kidevu hakikuwa cha Tima, wala macho, wala kipaji. Mahali pengine pote alikuwa mwanamke wa watu, hamjui Tima, naye Tima hamjui.

"Wifi," Bi Esha akasema. "Miaka ishirini na mbili. Leo umepata ndia?"

"Leo nimetaka." Mwanamkisi akaketi bila kukaribishwa. "Wakati ule sikutaka, nikasema sitaki. Wako waliokuya wasitake, na hukuwasema hao. Nipe mwana."

Hakuna mwingine aliyempa. Tima ndiye aliyempa, na hakujua ni kwa nini.

Mwanamkisi akamfunua mtoto. Akatazama muda mrefu. Kisha akalowesha ncha ya leso mate, akauliza, "Ni nani aliyempaka huyu uso wangu?"

Wanawake wakasogea waone. Wanja ulikuwa umeteleza katikati, ukaunga nyusi kutoka upande hadi upande, nene, nyeusi, kama bawa la kunguru. Kicheko kikapasuka pembeni. Bi Esha akapiga makofi.

"Subhanallah! Nami nalitaka kusema tangu azaliwe! Mwanamkisi mtu—"

"Mama, sitaki."

Sauti haikuwa kubwa. Lakini Tima alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, na nyusi zake zimekutana.

"Hulimalizi neno hilo juu ya mwanangu. Mimi nililimeza tangu sijui kutembea. Huyu halimezi."

"Wasikieni," bibi mmoja akanong'ona. "Hata sauti ni yake."

"Iwe yake," Tima akasema. "Ndiyo niliyo nayo."

Alingoja shangazi afurahi, au aseme neno la kumtetea. Mwanamkisi alikuwa akifuta wanja, pole pole, kwa uangalifu wa mtu anayefuta kioo, mpaka ngozi ikatoka safi. Chini yake zilikuwepo nyusi mbili za uzi, zinakaribiana, au hazikaribiani. Ilitegemea mtoto amekunja uso au amelala. Akamrudisha. Akanywa kahawa kikombe kimoja, akasema mashua yake haingoji maji kupwa, akajifunika, akaenda. Hakumkumbatia mtu.

Tima akambeba Hadia mwenyewe. Wanawake wakamfuata, wengine wakinong'ona, naye akasikia na hakugeuka. "Hapa ndani kabisa ndipo ulipozaliwa," akamwambia. "Hapa ni ukumbini. Hapa juu ni jikoni, pana moto, usiguse." Kidole gumba kilipanda chenyewe juu ya pua ya mtoto. Akakiona. Akakiondoa. Kikarudi, akakiondoa tena, akakifumbata ngumini.

Jikoni, moshi ukamwingia Hadia. Akakunja uso wote kwa hasira, nyusi zikaungana, akafungua kinywa akapiga ukelele ulioujaza mji.

Bi Esha alikuwa ubavuni. Mdomo wake ukafunguka. Tima akamgeukia akamtazama, hakuinua nyusi.

"Mashaallah," Bi Esha akasema, na lililobaki akalimeza.