Kicheko Kilichohamia Mabegani

Darka Prokopiw alikuwa na uso wa mpira. Simtanii, ndio uliomlisha. Katika studio yetu ya katuni hapa Vancouver kila mhuishaji ana kioo kidogo mezani. Ukitaka mnyama wako akunje pua, unaikunja kwanza ya kwako, unaitazama, kisha unampelekea yeye kwenye kompyuta. Sasa Darka, mwanamke wa Winnipeg mwenye miaka arobaini na sita na nywele zilizokatwa kama za askari, aliweza kuinua unyusi mmoja huku mwingine ukishuka, akavuta mdomo hadi karibu na sikio, na akabaki anaongea na simu kama kawaida. Mimi nilikaa meza ya nyuma yake miaka sita, na mara nyingi nilikuwa siangalii kazi yangu, naangalia kioo chake.

Mwaka ule tulikuwa na filamu ya dubu jike mzee, mkuu wa kituo kidogo cha treni. Mumewe amefariki, na katika droo anakuta barua ambayo mume huyo alimwandikia zamani, yenye utani wa kijinga kuhusu kofia. Dubu anasoma, anacheka, na katikati ya kicheko analia. Sekunde kumi na moja. Kila mtu alizitamani sekunde zile, na akapewa Darka, maana nani mwingine?

Akafanya kazi siku nne, akaipeleka kwa msimamizi wetu, Gurdeep Sahota. Gurdeep ni mtu mpole, hata kukosoa anakosoa kama anayekukaribisha chai. Alitazama mara mbili.

"Darka, huyu bibi anacheka au jino linamuuma?"

"Anacheka, bwana! Huoni mdomo?"

"Mdomo nauona. Mdomo hata kipofu atauona." Akasimama, akaweka kiganja chake kwenye skrini, akafunika uso wa dubu. "Haya. Sasa anafanya nini?"

Tukatazama. Shingo kwenda chini, dubu alikuwa gunia.

"Amekaa," nikasema mimi kiherehere.

"Amekaa, anasubiri basi," Gurdeep akasema. "Na pale unapomrusha mabega, yanapanda na kushuka sawasawa, tik, tik, tik, kama cherehani. Hakuna hewa mle ndani, Darka. Huyu mtu hapumui."

Darka alirudi mezani amevimba. "Watu hulipa tiketi kuangalia uso," akaniambia. "Hakuna aliyelipa kuangalia makwapa."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumanne iliyofuata aliamka, akapiga mswaki, akasukutua, na maji yakamtoka upande mmoja wa mdomo yakamwagikia miguuni. Akainua macho. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umelala. Unyusi hauinuki, jicho halifungi, mdomo umeteremka kama pazia lililokatika kamba. Akadhani kiharusi, akakimbilia hospitali. Walimpima wakamwambia mikono na miguu iko salama, ni mshipa wa fahamu wa uso tu umevimba. Wakampa vidonge, matone ya jicho na plasta ya kulifunga anapolala. Utarudi, wakasema. Labda wiki tatu, labda miezi mitatu.

Alirejea kazini Jumatatu, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, mwezi Novemba, mvua inapiga madirisha. Watu wakajifanya hawaoni, jambo ambalo ni baya kuliko kuona. Gurdeep akamfuata mezani.

"Pole sana. Sikiliza, ile ya dubu naweza kumpa mtu mwingine. Wewe chukua zile za abiria, wanapita tu."

"Mguse dubu wangu uone," Darka akasema. Ilitoka *nguse*, kwa sababu midomo haikukutana vizuri, na hilo likamuudhi zaidi. Gurdeep akainua mikono juu, akaenda zake. Darka akakigeuza kioo kikatazama ukuta.

Siku mbili hakufanya kitu. Anafungua faili, anafunga. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mama yake akapiga simu kutoka Winnipeg. Mama Stefania ana miaka sabini na tisa na haamini kwamba simu inafikisha sauti yenyewe, kwa hiyo anapiga kelele, na sisi wote tunasikia.

"Umenitumia picha," akapayuka. "Nimeitazama. Umefanana na mjomba wako Myron!"

"Asante, Mama."

"Myron alioa mara tatu na sura ile ile! Wewe ulikuwa na pande zote mbili nzima, umeshindwa kupata hata mume mmoja!"

Nilikuwa nyuma ya Darka. Sikuona uso wake, na hata ningeuona usingenisaidia. Nilichoona ni mgongo. Kwanza ukatanuka, akavuta hewa ghafla. Halafu tumbo likabana, na pumzi ikaanza kutoka vipande vipande, na kila kipande kikayatikisa mabega. Mtikisiko wa kwanza mkubwa, wa pili mkubwa, kisha midogo midogo inayofuatana haraka, huku kifua kizima kikizidi kuteremka hadi akabaki amejikunja juu ya kibodi hana hata tone la hewa, akitetemeka kimya. Kisha akavuta pumzi nyingine ndefu, mabega yakapaa, na mambo yakaanza upya.

Alipokata simu nikamwambia, "Umecheka vizuri leo."

"Nimekupa mgongo. Umejuaje?"

"Mgongo ndio ulikuwa unacheka, mwenzangu."

Akanigeukia na jicho lake moja linalofunga na moja lisilofunga. Akachukua kahawa yake anywe, na kwa furaha akasahau kwamba siku hizi anatumia mrija. Kahawa ikateremka kidevuni, ikaingia kwenye sweta jeupe alilofumiwa na mama yake. Akalitazama sweta. Akanipa mgongo tena.

Safari hii pumzi haikukatika ikitoka. Ilikatika ikiingia. Alijaribu kuvuta hewa, ikakwama, akavuta tena kidogo, ikakwama, tena. Mabega yakapanda ngazi kwa ngazi mpaka yakakaribia masikio, yakasimama pale juu. Nikabana yangu pia bila kujua. Halafu yote yakaanguka kwa mkupuo mmoja mrefu unaotetemeka, na kichwa kikafuata nyuma yake kama mzigo uliosahauliwa.

Nikainuka nimkumbatie. Sauti ikatoka mle kwenye kilio, imevunjika vipande:

"Imelda. Una... una... rekodi?"

"Hapana! Nawezaje—"

"Pumbavu wewe! Re-rekodi!"

Nikatoa simu. Nilirekodi huku machozi yananitoka na mimi, na yeye akaendelea kulia kwa uaminifu kabisa, halafu akaanza kucheka kwa sababu ya upuuzi wa jambo lenyewe, halafu akalia tena kidogo. Dakika mbili na nusu. Tulipomaliza alinyanyuka, akanawa, akavuta kiti cha pili karibu na chake.

"Lete hapa. Tuhesabu."

Tukaipitia fremu moja moja, picha kwa picha. Sekunde moja ni fremu ishirini na nne, na katika kicheko mabega yake yalitikisika takriban kila baada ya tano. Lakini hakuna mitikisiko miwili iliyolingana; nne, sita, tano, saba, kisha pengo. Na si mabega yaliyoanza. Tumbo lilibana kwanza, kifua kikaitikia, mabega yakafika fremu moja au mbili baadaye, kichwa mwisho. "Mimi nilikuwa nayavuta mabega kwa kamba kutoka juu," Darka akasema. "Kumbe yanasukumwa kutoka chini."

Kilichomrusha kitini ni pale katikati, kicheko kilipogeuka. Alirudisha nyuma mara kumi.

"Tazama. Hapa nimecheka mpaka hewa imeisha. Lazima nivute, sivyo? Nikivuta ikaingia vizuri, nacheka tena. Ikikwama..." Akagonga skrini kwa ukucha. "Hapa ndipo. Sijabadilika uso, sina uso wa kubadilisha. Pumzi tu imekwama."

Tangu hapo hatukumwona tena, ingawa alikuwepo. Alifuta kazi yote ya mwanzo. Akamwondolea dubu kila kitu usoni, akamwacha macho makavu na mdomo uliofungwa, kama alivyotoka kwa waliomtengeneza. Akaanza na kifua: kinajaa lini, kinatoka lini, kinaisha lini. Siku nzima dubu hakufanya kingine ila kupumua. Ndipo akamwongezea tumbo, kisha mabega, na bega la kushoto akalichelewesha kidogo nyuma ya la kulia kwa sababu mkono ule ulishika barua. Barua nayo ikatetemeka, na hiyo hakuipanga. Ilitokea yenyewe mkono ulipofuata bega.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, asubuhi, tukaingia chumba cha kukagulia kazi. Mkurugenzi wa filamu, Noémie Lachance, alitoka Montreal akiwa na haraka zake na kikombe chake. Taa zikazimwa. Dubu akatokea, uso mtupu kama sahani.

"Uso uko wapi?" Noémie akauliza.

"Haujafika," Darka akasema. "Wangu pia haujafika. Tunasubiri pamoja."

Watu wakacheka kwa woga. Sekunde kumi na moja zikapita. Dubu alisoma, tumbo likabana, mabega yakaruka, hewa ikamwishia, akavuta, ikakwama, na pale mabega yalipopanda ile ngazi ya tatu nikamsikia Gurdeep karibu nami akivuta pumzi na yeye, hakuitoa mpaka dubu alipoitoa.

Noémie akaweka kikombe chini.

"Tena," akasema. Ikachezwa. "Tena."

Baada ya mara ya tatu akageuka gizani kumtafuta Darka. "Ukimwekea uso, usizidishe. Kama chumvi. Mama yangu alilia hivyo sokoni mara moja, akichagua nyanya. Sikuwahi kumwambia mtu." Kisha akakohoa, akaomba kazi inayofuata.

Mlangoni Gurdeep akamshika Darka mkono. "Anapumua," akasema.

"Makwapa," Darka akajibu. "Watu hulipa tiketi kuangalia makwapa."

Uso wake ulianza kurejea karibu na Krismasi, kwanza mtetemeko shavuni, kisha pembe ya mdomo. Siku alipoweza kupiga mluzi aliupiga akizunguka ofisi nzima hadi akaombwa anyamaze. Unyusi wa kushoto haukurudi wote. Hadi leo unachelewa kidogo, na anapokuuliza swali huonekana kama hakuamini jibu. Kioo alikirudisha kutazama mbele. Lakini wageni wanapokuja kujifunza kwake, huwakalisha kwanza kwenye benchi la kituo cha treni za mjini, nyuma ya watu, na kuwaambia warudi na vicheko vitatu bila kuona uso hata mmoja. Kuna aliyerudi na onyo la polisi.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Mama Stefania aliitazama Winnipeg na wanawake tisa wa kanisani, akapiga simu kwa sauti ile ile, akasema dubu amelia kama mwanamke wa kwao Ukraine kabisa. Darka alilifurahia hilo kuliko sifa yoyote.

Halafu Gurdeep akamletea kazi mpya, akaiweka mezani bila kumtazama machoni. Darka akafungua.

"Samaki," akasema. "Imelda, njoo uone. Amenipa samaki anayecheka. Mabega yake yako wapi?"

"Ana matamvua ya kupumulia," nikamwambia.

Mgongo wake ukatanuka.