Pini za Mama

Mie mdomo wangu ndo ulonifukuzisha kazi. Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya Uroa, mgeni akalalamika chumba chake kinanuka, nami nikamjibu atazame viatu vyake kwanza. Na vilikuwa vinanuka kweli, wallahi! Siku ya pili nikarudi kwetu Mpendae na begi langu. Mama, fundi cherehani, alikuwa barazani anashona. Hakunigombeza. Alinirushia nguo nikunje.

Kwa hiyo nilipoitwa kwenye usaili wa kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni moja ya simu, mjini, nilijua nikiropoka tena basi. Macho ya mama yalikuwa yashaanza kufifia, uzi hauingii kwenye sindano mpaka nimtilie mie. Niliitaka kazi ile kwelikweli. Nilitaka mama apumzike.

Walikuwa wawili: bibi mmoja wa makamo mwenye miwani na bwana mmoja mnene. Nikawaamkia, wakaitikia. Yule bibi akauliza kwa nini niliacha kazi Uroa. Nilikuwa nimeshatunga uongo mzuri tu, lakini nikauacha.

"Nilimjibu mgeni vibaya, wakaniachisha," nikasema.

Wakatazamana. Yule bwana akageuza kiti, akanipa mgongo. "Kwenye simu mteja hakuoni," akasema. "Mie nimenunua kifurushi cha intaneti, hakijaingia. Wewe umepokea simu. Haya."

Lo! Yule bwana alibwata. Hii mara ya tatu anapiga, kila mtu anamwambia asubiri, sisi wezi, sisi wavivu, tumekaa tunakula upepo wa viyoyozi. Nikasikia ulimi unaniwasha. Hapo ndo nikamkumbuka mama.

Kumi la mwisho la Ramadhani baraza yetu ilikuwa haina pa kukanyaga. Huyu mkono mfupi, yule gauni halipiti mabegani, na aliyenenepa ni yeye! Wanawake wakimfokea mama mbele ya watu. Yeye akitia pini tatu nne mdomoni, akainama kwenye pindo, wala hajibu. Msemaji aseme weee, mpaka aishiwe. Ndipo mama atoe pini, aseme taratibu, "Haya bibi, nionyeshe panapokubana." Mie nilikuwa nikikaa mkekani katikati ya vipande vya vitambaa, nasikia harufu ya futari jikoni, nimevimba kwa hasira kwa niaba yake. Nikiona mama kaumbwa na subira. Natamani hata kelele zile leo.

Basi nami nikafanya kama yeye. Nikafumba mdomo kimya.

"Hallo?" akasema yule bwana. "Hallo! Ala! Ushanikatia simu?"

Wateja wa mama walikuwa wakimwona kainama, mikono inafanya kazi. Kumbe kimya changu, kwa mtu asiyeniona, ni sawa na kumwacha peke yake. Na hapo nikakumbuka kwamba mama hakuwa kimya hasa. Na pini zake mdomoni, kila baada ya maneno mawili matatu alikuwa akiguna, "Mm. Mm."

"Naam, bwana, nipo, nakusikiliza," nikasema.

Akaendelea. Nikimwitikia, naam, naam. Mara akasema, "Huna adabu wewe! Mamako hakukufunza?"

Khaa! Mama yangu? Niling'ata meno mpaka taya likaniuma.

"Naam, nimekusikia," nikasema. "Umepiga mara tatu na hujasaidiwa, una haki ya kukasirika, na nakuomba radhi. Nipe nambari uliyonunulia, niandike lalamiko lako hivi sasa. Siwezi kukuahidi kitu nisichokijua. Lakini kabla ya adhuhuri nitakupigia mwenyewe, kiwe kimeingia au hakijaingia."

Bwana akageuza kiti, anacheka. Yule bibi alikuwa anaandika.

Wiki ile ile wakanipigia kwamba nimepata. Nikakimbilia barazani. "Mama, nimepata! Nimefanya kama wewe. Nimejaribu kuwa na subira kama yako."

Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Subira? Mie? Mie mkali kukushinda, mwanangu. Bila ya zile pini ningewatukana wote, tungekula nini? Siku nyengine nikizing'ata mpaka natema damu."

Sikucheka naye. Miaka yote ile nilidhani maneno yao hayamuumi.

Alipumzika kidogo tu, kisha akatangulia mbele ya haki. Kibati chake cha pini nnacho kazini, juu ya meza, karibu na simu. Mteja akinitukania mama, nasema naam, nakusikia, huku nimeishika pini moja vidoleni.