Ubeti wa Kizingitini

Wazee wa usharika waliponikabidhi kazi ya kurekodi nyimbo za zamani za ibada, hawakunichagua kwa sauti yangu. Katika kwaya mimi ni wa safu ya nyuma, na ndiko ninakostahili. Walinichagua kwa sababu naandika haraka na sichoki kuuliza. Nyimbo zenyewe hazimo kitabuni. Zilitungwa na wazee wa wazee wetu, zikabaki vinywani, na wenye vinywa hivyo walikuwa wanapungua kila masika.

Nilianzia Lukozi, nikaenda Shume, nikamalizia Mgwashi. Utaratibu wangu ulikuwa mmoja kila nyumba. Nafika, naamkia, nakunywa chai, maana bila chai hakuna mzee atakayekuimbia. Kisha naomba kuku watolewe nje na redio izimwe. Simu naizima mtandao isije ikaita katikati ya ubeti, naiweka juu ya kitenge kilichokunjwa ili isinase mtikisiko kila mtu anapogusa meza. Mzee anasema kwanza anatoka wapi na wimbo alifundishwa na nani. Halafu anaimba mpaka mwisho. Akikosea simkatizi, na siku nyingine namrudia aimbe tena, kwa kuwa alichoona ni kosa leo huenda kesho akakiimba vilevile, na hapo nikajua si kosa.

Nyumbani navaa visikilizio na kuandika mstari kwa mstari kama ulivyotoka. Ukirudiwa mara mbili, nauandika mara mbili. Pasiposikika naandika kwamba hapasikiki, sijazi kwa akili yangu. Baadaye namsomea mwenyewe aniambie nilipopotoka.

Wimbo ulionisumbua kuliko zote ni ule wa kumtoa marehemu nyumbani. Kiongozi anatoa mistari, watu wanaitikia. Nilipoyapanga maandishi ya sehemu zote tatu ubavu kwa ubavu, nilicheka peke yangu. Lukozi ubeti wa pili unasema, “Tumepanda mlima, pumzi zimetuishia.” Shume, kwenye misitu ya mbao, wanasema, “Tumepita msituni, njia imetupotea.” Mgwashi wanashuka bondeni na miguu inatetemeka. Kila watu wameweka njia yao wenyewe ndani ya wimbo, na wote wanaitikia, “Bwana, tupokee.” Kwenye kamati ya kijitabu cha nyimbo hizi alikuwepo aliyetaka tuchague wa Lukozi tuuchape huo peke yake, watu wasichanganyikiwe. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa na njia ya kwao. Ikaamuliwa tutachapa zote tatu.

Lakini Mgwashi walikuwa na ubeti wa tatu ambao kwingine haupo. Kila niliyemuuliza alijua kiitikio chake, “Tangulia, nasi tunakuja.” Maneno ya kiongozi yalijulikana na bibi mmoja tu, aliyeyarithi kwa mama yake, aliyeutunga. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye sauti iliyomzidi mwili. Aliniimbia ubeti wa kwanza na wa pili bila shida. Halafu akachukua kikombe chake.

Nilimuuliza kuhusu wa tatu. Tulikuwa tunazungumza Kishambaa, ila alichosema nakikumbuka vizuri.

“Huo huimbwa jeneza likivuka kizingiti, mjukuu wangu. Ni wa kumuaga mtu. Nikiuimba hapa, namuaga nani?”

Nikamwomba basi anitajie maneno tu, bila sauti. Akasema kuyataja na kuyaimba ni mamoja. Hata binti yake, aliyekuwa akituletea viazi, hakuwahi kuambiwa. Ubeti ule mtu aliupata kwa kusimama karibu na kiongozi misibani, na binti alikuwa ameolewa mbali miaka mingi. Bibi mwenyewe hakutaka upotee. Aliniambia wazi kwamba angependa neno la mama yake liwemo katika kijitabu, na kwamba msiba ukitokea nije nisimame ubavuni kwake na simu yangu.

Msiba ulitokea, wa mzee jirani yake. Nilikwenda, nikamwomba mtoto mkubwa wa marehemu ruhusa ya kurekodi, akaniruhusu. Nikasimama ubavuni kwa bibi kama alivyoniagiza. Ila vijana wa kwaya walikuja na kinanda cha umeme, jenereta na spika mbili zilizoelekezwa mlangoni. Sipendi spika misibani na sijawahi kuficha hilo. Jeneza lilipofika kizingitini bibi akafungua kinywa, na kijana wa kinanda naye akafungua sauti. Nikampungia mkono apunguze. Akadhani namtaka aongeze.

Kwenye rekodi inasikika, “Ee mwenzetu, uliye...” halafu ni kinanda. Nilirudia pale mpaka masikio yakauma, nikapunguza mwendo, nikabadilisha visikilizio. Hakuna. Kiitikio kinasikika vizuri kwa sababu ni watu wengi.

Nilimpelekea bibi rekodi asikilize mwenyewe, labda angenisaidia bila kuvunja mwiko wake. Aliinamia simu, kichwa upande mmoja.

“Huyo ni mimi,” akasema, “ila simsikii.”

Tukacheka wote. Akanipoza kwamba misiba haikosekani, nitaupata mwingine. Hakuwa mgonjwa. Alinisindikiza mpaka barabarani na kabichi mbili begani.

Msiba uliofuata Mgwashi ulikuwa wake.

Nilifika mapema. Nikawaendea vijana wa kwaya kabla ya kumwendea mtu mwingine, nikawaambia leo jenereta haliwashwi, na nadhani uso wangu uliwatosha. Kisha nikakaa na akina mama waliokuwa wanamenya ndizi, nikawauliza mmojammoja anakumbuka nini cha ubeti wa tatu. Mmoja alisema ni “uliyetangulia mtoni”. Mwingine alikataa katakata, ni “uliyeshika mlango”. Wa tatu alikumbuka kitu kuhusu taa, akasita, akasema labda ni wimbo mwingine. Niliyaandika yote na kila aliyeyasema. Miaka yote walikuwa wakiitikia, na anayeitikia husubiri zamu yake, hakariri ya kiongozi.

Nilimpelekea binti yake maneno hayo. Nikamwambia tungeweza kuyaunganisha haya, tupate ubeti, mmoja wetu auongoze. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho mekundu.

“Dada, simuagi mama kwa maneno ya kubahatisha.”

Nikafunga daftari. Hata katika kazi yangu hiyo ndiyo sheria, na siku ile niliichukia.

Walipomtoa, wakaimba ubeti wa kwanza, wakashuka bondeni katika wa pili. Jeneza likafika kizingitini na wabebaji wakasimama, kama inavyofanyika siku zote, kumsubiri kiongozi. Nilikuwa nimeshika simu mkononi, inarekodi. Hakuna aliyeongoza. Palikuwa kimya, na kimya kile kilikwenda urefu uleule wa mistari yake, maana miili ya wale wazee ilikuwa inaujua. Ulipotimia, bila mtu kumtazama mwenzake, wakaitikia, “Tangulia, nasi tunakuja.” Wabebaji wakavuka.

Mpaka sasa, katika rekodi zote nilizofanya milimani huku, hakuna iliyotoka safi kama hiyo. Hakuna kuku, hakuna kinanda, hakuna kikohozi. Nimeiandika kama ilivyo. Mahali pa kiongozi nilianza kuandika kwamba hapasikiki, nikafuta, kwa sababu si kweli. Panasikika vizuri kwamba hayupo.