Mafuta Mililita Nne

Duka la mjomba liko mtaa wa Biryogo, mlango wa tatu kutoka kwa mama fundi cherehani aliyenishonea suti ya mahafali. Nilikuwa na digrii ya kemia na sina kazi, basi nikawa namchanganyia mjomba manukato. Mafuta ya harufu, alkoholi, maji kidogo. Tofauti yote iko kwenye mafuta. Chupa ya mililita mia ya parfum halisi hubeba mafuta mililita ishirini au zaidi, na harufu hushinda nawe kutwa. Eau de toilette hubeba kama kumi. Baada ya saa tatu, nne, imekwisha. Cologne ni tatu au nne, na ikidumu saa mbili una bahati.

Mjomba alinipimia nne kwa kila chupa, kisha akanipa vibandiko. Vyote viliandikwa Parfum.

"Nani atapima, sha?" alinijibu nilipouliza.

Niliuliza tena. Mara ya tatu nikabandika tu. Mimi, ninayebishana na imamu na hata na redio.

Alhamisi mama fundi akaja. Mwanawe alikuwa anaoa, na sanduku la bibi harusi lilikosa manukato tu. Shangazi za bibi harusi ni watu wa manukato, alisema. Chupa hufunguliwa asubuhi mbele ya wote na kupulizwa palepale. Mjomba akampulizia mkononi.

"Nusa, mama. Iko nguvu!"

Ilikuwa na nguvu kweli. Alkoholi ikiruka huinua harufu nyepesi zote kwa mkupuo, ndimu na machungwa, na mafuta yakiwa machache hakibaki kitu nyuma. Ilitosha nimwambie arudi kushona, anuse tena baada ya alasiri.

Akanigeukia. "Msomi wangu, hii ni parfum kweli?"

"Imeandikwa hivyo, mama."

Jumamosi, siku ya harusi, chupa ilifunguliwa saa nne asubuhi, watu wakaisifu. Pilau ilipoletwa saa saba, shangazi mmoja alinyoosha mkono hadi puani kwa mama fundi.

"Nusa, mkwe. Mmetuletea maji?"

Wanawake wakacheka. Mama fundi alicheka nao, akaendelea kucheka wenzake walipokwisha kunyamaza. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, sahani mkononi.

Jumatatu alikuja dukani. Mjomba akamsogezea chupa nyingine, mama hakuitazama.

"Huyu ni mfanyabiashara, namjua tangu zamani," aliniambia. "Wewe nilikuuliza."

Nikaanza kumweleza: mafuta kiasi gani, alkoholi inarukaje, kwa nini mwanzo ulidanganya. Nilieleza vizuri, kama mbele ya mhadhiri. Aliniacha nimalize.

"Kumbe ulijua mpaka saa harufu itakapokwisha," akasema.

Akatoka. Tangu siku hiyo suruali zangu nazipeleka kwa fundi wa Nyamirambo, nami hufika dukani kwa kuzungukia nyuma ya msikiti, nisipite mlangoni kwake.