Magoti Yangu na Kaptula ya Serikali

Baba yangu mkubwa alisema mbele ya ukoo mzima kwamba sitashika mgonjwa hata mmoja maishani mwangu. Mwalimu wa shule ya misheni alisema sitamaliza darasa la sita, kwa kuwa hakuna mtoto atakayekubali kukaa dawati moja nami. Jirani yetu pale Mtinko alimshauri mama aniache nichunge mbuzi, maana mbuzi hawana kinyaa. Nawataja wote watatu kwa sababu wote watatu walikosea, na diploma yangu ya utabibu inaning'inia ukutani.

Kilichowatisha ni viwiko na magoti yangu. Nikiwa bado nachunga ndama niliugua koo, likavimba hata uji wa uwele ukanishinda kumeza. Koo likapona, ngozi ikaanza. Kwanza yalitoka madoa madogo mekundu, kisha kwenye viwiko na magoti yakawa mabaka mazito, juu yamefunikwa magamba yanayong'aa kama fedha. Nikiyakuna yalidondoka kama pumba, na chini yake vikatokeza vitone vya damu.

Mganga aliitwa. Alinichanja chale juu ya kila goti, akasugua dawa nyeusi. Baada ya wiki chache kila chale ikaota gamba lake, mstari kwa mstari, kama mtama uliopandwa kwa kamba. Hapo ukoo ukakata shauri kuwa ni laana, maana inafuata njia ya wembe. Nami niliamini hivyo mpaka nilipofika chuo cha utabibu kule Uganda, ambako nilisoma kwamba ugonjwa huu hupenda kujitokeza pale ngozi ilipojeruhiwa. Unaitwa soriasisi. Hauambukizi kwa mkono, wala kwa nguo, wala kwa kitanda. Miaka yote ile nilitengewa kibuyu changu cha kulia, nikala peke yangu nyuma ya ghala, bure kabisa.

Nilirudi Singida kufanya kazi katika hospitali ya serikali. Mwafrika mwenye diploma pale nilikuwa mimi peke yangu, na sioni sababu ya kuwa mnyenyekevu kuhusu jambo hilo. Lakini Waingereza walikuwa na sheria yao: wao walivaa suruali ndefu, sisi tukavaa kaptula na shati la mikono mifupi, hata mwenye mvi. Nilimwomba daktari mkuu, Mzungu, aniruhusu kuvaa suruali. Akasema suruali ndefu ni ya maofisa. Basi magoti yangu yakakaa nje, kila mtu ayasome apendavyo.

Kisha ikaja amri ya kumeza vidonge vya malaria kila wiki, wafanyakazi tukiwa tumepanga mstari. Nilimweleza daktari mkuu kwamba nimesoma kuwa dawa za aina ile huweza kuchochea soriasisi. Akaniuliza nani ni daktari hapa. Nikameza. Ilikuwa pia miezi ile ya upepo baridi na mkavu, ambayo hata bila vidonge hainipendi. Mabaka yakanenepa, yakashuka hadi kwenye miundi.

Siku moja mama mmoja kutoka Ilongero alimleta mtoto wake mwenye homa ya mapafu. Nilipoinama kumsikiliza kifua, mama yule aliona magoti yangu, akamnyakua mtoto. Alisema mkoma hatamgusa mwanawe. Mtoto alitibiwa na mwingine, lakini mimi jioni ile nilihamishiwa stoo, kuhesabu chupa na bandeji.

Daktari alikuwa amekwisha kunipima ukoma kwa mkono wake mwenyewe. Alinichoma kwa pini juu ya mabaka, nikasikia kila mchomo, wakati baka la ukoma hufa ganzi. Alikwangua ngozi, akatazama kwa hadubini, hakuona kijidudu chochote.

"Basi nirudi wodini," nikamwambia.

"Mimi najua si ukoma. Wao hawajui."

"Tuwaambie."

"Ni rahisi zaidi wewe kukaa stoo," akasema, "mpaka magoti hayo yawe safi."

Mpaka leo sijamsamehe neno lile la "rahisi".

Nikaanza kujitibu. Nilipaka marhamu ya asidi ya salisili kulainisha na kuondoa magamba, maana dawa haipenyi ukuta ule. Juu yake jioni nikapaka lami ya makaa, asubuhi nikaiosha na kukaa juani kwa muda mfupi. Nilinuka kama kibarua wa ujenzi wa barabara. Karani wa hospitali alikuwa ananiuliza kila siku barabara ya Manyoni nimeifikisha wapi.

Viwiko vilipungua, magoti yakagoma. Nikapanda ngazi nyingine, dawa kali zaidi iitwayo ditranoli. Hiyo unaanza na nyepesi, na unapaka juu ya baka tu, kwani ngozi isiyo na ugonjwa inaungua. Shuka zangu zote zikawa na madoa ya zambarau yasiyotoka. Magoti yakapungua unene, lakini hayakwisha.

Wakati huo krimu mpya ya haidrokotisoni ilikuwapo kabatini, imefungiwa kwa ajili ya Wazungu. Mke wa daktari aliipaka alipoumwa na mbu. Niliandika malalamiko kwa mkubwa wao Dodoma, kwa Kiingereza safi kuliko chao, nikapata tyubu moja. Ilituliza wekundu, lakini mabaka mazito yaliishinda, na nilipoacha, yote yakarudi. Mkubwa yule, pengine kwa kuchoka na barua zangu, akaruhusu nikaonane na bingwa wa ngozi Dar es Salaam. Nauli juu yangu.

Nilikopa. Fundi cherehani alinikopesha, mwalimu yule yule wa misheni alinikopesha, na baba mkubwa alitoa mbuzi wawili kwa sharti kwamba nisizishike kamba zao. Mwanawe mwenyewe ndiye aliyewapeleka mnadani. Nikapanda basi hadi Manyoni, kisha treni.

Bingwa alinipa vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya damu. Aliniambia wazi kuwa dawa ile inaweza kuua mtu anayeila kama karanga. Damu yangu ilipimwa kabla, ikapimwa tena na tena, kuangalia chembe nyeupe. Pombe ilikatazwa kabisa kwa ajili ya ini. Vidonda vikitokea mdomoni, niache mara moja. Vidonge vyangu vya malaria pia vikabadilishwa. Baada ya wiki kadhaa magoti yalikuwa laini, yamebaki na kivuli tu.

Nilirudi wodini nikiwa nimevaa suruali ndefu aliyonishonea fundi. Daktari aliitazama suruali, akasema sasa sina cha kuficha. Nilimjibu kwamba sikuwahi kuwa na cha kuficha, nikaendelea kupima wagonjwa.

Vidonge vile si vya kumezwa maisha yote. Viliposimamishwa, baka moja lilirudi kwenye kiwiko cha kulia, ukubwa wa shilingi. Lilikuwapo siku niliyokwenda kulipa. Fundi na mwalimu niliwalipa asubuhi. Kwa baba mkubwa nilifika mchana, nimekunja mikono ya shati makusudi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Hela iweke hapo kwenye kigoda."

"Deni hulipwa mkononi, baba mkubwa."

Akatazama kiwiko changu, akatazama kigoda. Mkewe alikuwa anapepeta mtama, akasema bila kuinua kichwa:

"Pokea, mzee. Mbuzi wale walikuwa wako au wa kigoda?"

Alinyoosha mkono polepole. Nikampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia kwa heshima, kama tunavyompa mkubwa, vidole vyangu juu ya gamba lile lile. Kisha nikaushika mkono wake, nikauliza habari za mifugo, za mvua na za watoto wake mmoja mmoja, naye ilimbidi ajibu zote kabla sijauachia.