Mkurugenzi Amehuzunishwa

Pale ofisini walimwita Bi Niaba, naye hakuona ubaya. Barua za Mkurugenzi zilitoka mikononi mwake, zote zikianza "Nimeagizwa na Mkurugenzi kukujulisha kuwa", zote zikiishia kwa saini yake, kwa niaba. Mkurugenzi alikuwa amezongwa na kazi kiasi kwamba hata hasira zake alimwachia yeye, katibu muhtasi wake, aziandike: "Mkurugenzi hakufurahishwa."

Siku ya Jumanne, dereva wa Mkurugenzi alisimama mbele ya meza ya Bi Niaba. Mama yake alikuwa mahututi kijijini, anamwulizia.

"Dada, nipe barua ya likizo niondoke leo."

"Kaka, ombi lako analo. Hajasema kitu."

"Kwani si unaandika wewe?"

"Naandika anachosema. Nikiandika asichosema, huko ni kughushi."

Mlango ukafunguliwa. Mkurugenzi alitoka simu sikioni, koti limeingia mkono mmoja. Bi Niaba akasimama.

"Mkuu, likizo ya dereva. Mama yake yuko hoi. Anaomba kuanzia leo."

Mkurugenzi aliziba simu kwa kiganja. "Na safari ya kesho ataniendesha nani? Mpe, mpe. Ianze Jumatatu, tukisharudi." Akalitoa ombi mfukoni mwa koti, akaliegemeza ukutani, akaandika "Imekubaliwa, kuanzia Jumatatu", akatia saini, akarudi kwenye simu yake akicheka.

Bi Niaba akaketi kuandika. Mkurugenzi amekubali ombi lako la likizo ya dharura kuanzia Jumatatu. Mkurugenzi anamtakia mama yako nafuu ya haraka. Sentensi ya mwisho akaifuta, hakuagizwa. Akalitazama neno "Jumatatu" kwa muda. Kuandika "leo" kungekuwa kazi ya vidole viwili. Akachapa, akasaini, akagonga mhuri.

Dereva aliisoma. "Haya. Nitamwambia mama asubiri, amepangiwa Jumatatu."

Mama hakusubiri. Alikata roho Ijumaa, mwanawe akiwa kwenye maegesho ya hoteli, akingoja wakubwa wamalize chakula cha mchana.

Mkurugenzi akapiga simu kabla hawajaanza safari ya kurudi. "Ile likizo ibadilishe iwe ya msiba, ianze leo. Na weka maneno ya pole."

"Yapi, Mkuu?"

"Wewe unayajua."

Aliyajua. Mkurugenzi amepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za kifo cha mama yako mpendwa, na amehuzunishwa sana.

Jioni dereva aliingia na funguo za gari. Aliisoma akiwa amesimama, polepole, kama mtu anayekagua hati ya kiwanja.

"Njia nzima alikuwa amelala kiti cha nyuma," alisema. "Kumbe alikuwa anahuzunika."

"Ndivyo nilivyoagizwa."

"Sawa."

"Pole sana, kaka yangu."

Dereva aliinua macho. "Hiyo ni ya nani?"

Dereva akaweka funguo mezani, akaikunja barua, akaenda kuzika.