Simu Haikupotea, Iliuzwa

Shangazi yangu ni dobi, na mkono wake hautulii akiona kitu kinaning'inia. Ukimletea shati lenye kifungo kilicholegea, utalikuta limefuliwa, limepigwa pasi na kifungo kimekazwa, bila kukuambia neno. Ukimshukuru anasema, "Kilikuwa kinanitazama."

Kwa hiyo alipomuuzia Msusi simu yake ya zamani na kujinunulia nyingine, bima ndiyo iliyobaki kumtazama. Saluni ya Msusi iko ukuta kwa ukuta na duka letu. Simu ilikuwa imehama mlango mmoja tu, lakini bima yake iliendelea kukatwa kila mwezi kwenye laini ya Shangazi.

"Siwezi kulipia simu ambayo si yangu," alisema. "Leo naimaliza."

Alikaa juu ya kikapu cha nguo, akafungua menyu ya bima ya kampuni ya simu. Ikamuuliza shida yake ni nini: simu imeharibika, imeibiwa au kupotea, ama mengineyo. Hapakuwa na pa kusema ameiuza. "Mengineyo" aliona ni pa watu wasiojua wanachotaka. Akachagua kupotea, maana aliamini kwamba wakijua simu haiko kwake tena wataifuta bima na kumwacha. Akathibitisha, akarudi kwenye pasi yake akiimba.

Mchana Msusi aliingia, kitana kimechomekwa nyweleni.

"Shoga, umeniuzia simu au kioo cha kujitazamia? Inawaka, picha zangu zote za mitindo zipo, lakini mtandao hakuna. Laini nimeijaribu kwenye simu ya mteja, nzima kabisa!"

Pasi ya Shangazi ikasimama hewani.

"Niliripoti imepotea," alisema taratibu.

"Imepotea wapi, na mimi nakaa hapa?"

"Nilitaka kusitisha bima. Kumbe wameifungia."

"Na wateja wangu wananipigia humohumo! Wakinikosa mara mbili, wanaenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Hela yangu ya mwaka mzima imo kwenye hiyo simu, shoga."

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri suruali yake akaingilia. "Mama, nyamaza tu. Si umeshasema imepotea? Watakupa nyingine. Huyu mrudishie hela yake, mambo yaishe."

Shangazi alimkabidhi suruali. "Chukua, baba. Nimeinyoosha vizuri. Na wewe jinyooshe."

Kisha akatoa laini kwenye simu yake mpya, akachomeka humo ya Msusi. "Itumie hii mpaka yako ipone. Chukua na boksi la ile na karatasi ya mauziano, twende."

Nilifunga duka, nikawafuata. Kwenye ofisi ya kampuni ya simu, Shangazi hakumsubiri dada wa dawatini amuulize.

"Simu haikuibiwa wala kupotea. Niliiuza, nikabonyeza pasipostahili. Kosa ni langu, huyu asiumie."

Dada yule alipokea kitambulisho cha Shangazi, akaisoma karatasi yao ya mauziano. Akabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli kwenye simu ya zamani. Namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu, ikajitokeza, akailinganisha na ya kwenye boksi.

"Mmewahi," alisema. "Dai halijalipwa. Nalifuta, halafu naomba simu ifunguliwe. Yaweza kuchukua saa kadhaa. Siku nyingine, mama, ukiuza simu chagua mengineyo, au utupigie uombe kusitisha. Bima haijui kwamba umeuza mpaka uiambie."

"Basi ihamie kwa mwenzangu," Shangazi alisema.

"Haihami kwa mnunuzi. Hii tunaisitisha. Yeye akitaka, ataomba ya kwake, simu ikaguliwe kwanza."

"Na hii yangu mpya?"

"Hiyo haina bima, mama. Bima iliandikwa kwa IMEI ya ile ya zamani."

Shangazi akashika kiuno. "Kumbe nilikuwa nalipia ya jirani, na yangu iko uchi!"

Msusi alicheka. Alikuwa hajacheka tangu mchana.

Ujumbe wa kuthibitisha usitishaji uliingia baada ya Shangazi kurudisha laini yake kwenye simu mpya kwa muda kidogo. Dada wa dawatini alimwambia autunze, arudi nao iwapo makato yatajitokeza tena. Shangazi akausoma mara mbili, kisha akairudisha laini ya Msusi kwenye simu hiyo mpya bila kuombwa.

Jioni tulikuwa tukikunja mashuka. Ghafla, ng'ambo ya ukuta, ulilia mlio wa ile simu ya zamani, ambao Shangazi alikuwa nao miaka yote. Mkono wake ukaruka kwenye mfuko wa aproni.

"Haloo!" sauti ya Msusi ilipasua ukuta. "Ndiyo, nipo! Kesho asubuhi, njoo tu!"

Shangazi aliutoa mkono mfukoni, mtupu, akacheka peke yake. Kisha akanipa ncha ya shuka tuendelee.